Ndoo ya Pili: Kupunguza Taka za Nyumbani Bila Kujitesa

Mwaga ndoo ya taka ya nyumba yoyote ya kawaida jijini Dar es Salaam juu ya kiroba kilichotandazwa uani, uangalie kilichomo. Utaona maganda ya ndizi mbichi na ya viazi, vikonyo vya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai, nyanya iliyopondeka, wali uliochacha na miba ya samaki. Katikati yake zimo chupa za maji, kopo la maziwa, boksi la dawa ya meno na vifuko laini vya sukari, pengine na pampasi. Vyote vimelowa na vyote vinanuka, hata boksi ambalo asubuhi lilikuwa safi na kavu.

Kilichovilowesha ni mabaki ya chakula. Hayo ndiyo yanayoipa ndoo uzito, yanayoita nzi na panya, na yanayofanya chupa ambayo ingeuzwa ikataliwe. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka za miji ilikadiria kwamba mkazi wa Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, zikiwemo za masoko na maduka. Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka hizo ni mabaki ya chakula na majani. Kwa hiyo anayetaka kupunguza taka za nyumbani kwake aanzie jikoni, kwa sababu mzigo mkubwa uko huko.

Mabaki hayo yakipelekwa dampo, kwa mfano lile la Pugu Kinyamwezi, hufunikwa na taka nyingine na kuozea mahali pasipo hewa. Uozo wa namna hiyo hutoa gesi ya methani, ambayo huchangia joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa, na huweza kushika moto. Maji meusi yanayochuruzika chini yake huingia ardhini na kwenye vijito. Ganda lilelile la ndizi likioza penye hewa, uani kwako, linakuwa udongo mweusi wa kupandia mchicha.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mfululizo. Kila moja inaweza kukaa peke yake kwa wiki moja au mbili kabla hujagusa inayofuata, na ukiishia ya kwanza bado utakuwa umepata faida. Ili tuone hesabu yake, tuchukue mfano wa kaya ya watu sita katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa pamoja. Tukadirie kwamba wanatoa kilo mbili za taka kwa siku, yaani kilo 14 kwa wiki, na kwamba kilo nane kati ya hizo ni za kuoza.

Wiki ya kwanza: tenga kinachooza

Tafuta ndoo ndogo yenye mfuniko, ya lita tano au kumi. Hiyo ndiyo ndoo ya vitu vinavyooza. Vikavu vitaingia kwenye kiroba kilichotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kanuni ni moja tu, na mtoto wa miaka sita anaweza kuishika: je, kitu hiki kinaoza? Kinachooza kinaingia ndooni, kisichooza kinaingia kwenye kiroba. Pampasi, taulo za kike na karatasi za chooni zinakuwa na mfuko wao wa tatu, na haziingii kwenye vyote viwili.

Mahali pa kuiweka ndoo hii ndipo hatua nzima inaposimama au kuanguka. Ikiwa mchicha unachambuliwa mlangoni na ndoo iko nyuma ya nyumba, maganda yatatupwa kwenye chochote kilicho karibu. Iweke pale kisu kinapofanyia kazi. Tandika gazeti au konzi mbili za maranda ya seremala chini yake ili kunyonya maji. Majani ya chai yachuje na kuyakamua kwanza, na mchuzi uliobaki usiumimine humo. Ndoo isiyo na maji yaliyotuama haitoi harufu kali, hasa ikimwagwa kila siku na kusuuzwa.

Wengi hukata tamaa wanapoona gari la taka linakuja na kuchanganya kila kitu. Hilo ni kweli katika mitaa mingi, ingawa si kote. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakazi pamoja na wakusanyaji taka ili kutenganisha kuanzie nyumbani. Lakini hata gari la mtaani kwako likichanganya, kiroba chako cha vikavu hakikulazimu kulisubiri. Hakinuki, hakina funza, na kinaweza kukaa wiki mbili bila kumsumbua mtu. Kijana anayenunua chupa na makopo kwa kilo atazichukua akizikuta kavu na tupu. Zilizojaa uchafu huzipunguzia bei au huziacha.

Kaya yetu ya mfano ikifika hapa haijapunguza hata gramu moja, lakini imeshajua kilichomo ndani ya taka zake. Ndoo ya kuoza inajaa lini, na imejaa nini? Majibu hayo ndiyo yanayofungua hatua ya pili.

Wiki ya pili: tenga ganda na chakula

Ndani ya ndoo ya kuoza kuna vitu vya aina mbili. Kuna maganda, ambayo hayaepukiki. Kisha kuna chakula ambacho kingeliwa, nacho kilinunuliwa kwa pesa. Bandika karatasi ukutani, na kila chakula kinapotupwa andika neno moja: wali, nyanya, mkate, mchicha. Baada ya siku saba utaona kwamba orodha haina vitu vingi. Kwa kawaida ni viwili au vitatu vinavyojirudia. Shughulika na hivyo tu.

Ikiwa ni wali, tatizo mara nyingi ni kipimo cha mazoea. Mchele huvimba na kuwa na uzito wa zaidi ya mara mbili unapoiva, kwa hiyo kikombe kimoja kilichozidi kinaonekana kidogo kwenye mfuko lakini ni sahani kadhaa kwenye sufuria. Pima kwa kikombe kilekile kila siku. Wali ukibaki siku tatu mfululizo, punguza robo kikombe, kisha angalia tena. Usipunguze nusu kwa mkupuo, maana siku watu watakapoinuka na njaa ndiyo siku utakaporudia kipimo cha zamani.

Kiporo nacho kina sharti lake. Wali uliopikwa ukikaa sufuriani usiku kucha katika joto la pwani unaweza kuota bakteria ambao mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Sumu wanayoitoa nayo haiharibiwi na kupasha moto asubuhi. Wali wa kubakiza utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uuingize kwenye friji ndani ya saa mbili hivi. Kwa asiye na friji, kiporo cha wali cha kulala nje si akiba. Kwake dawa ni kipimo, na kinachobaki wapewe kuku jioni ileile.

Ikiwa ni nyanya, usiziache kwenye mfuko uliofungwa. Zitandaze safu moja kwenye ungo au sinia, upande wa kikonyo ukiangalia chini, na zilizopasuka zipikwe siku hiyohiyo kabla hazijaziambukiza nyingine. Viazi vikae gizani, kwa sababu mwanga huvigeuza kijani, na kiazi cha kijani ni kichungu na kina sumu. Vitunguu vikae mbali navyo, penye hewa. Fungu la mchicha lililonunuliwa jioni kwa ajili ya kesho lisimamishwe mizizi kwenye kikombe cha maji, kivulini. Litaamka bado limesimama.

Kaya ya mfano ikirekebisha wali na nyanya peke yake, tukadirie kwamba itaokoa kilo moja kwa wiki. Ni kilo ndogo, lakini ndiyo pekee kati ya zote 14 iliyonunuliwa dukani, ikapikiwa mkaa na kisha ikatupwa.

Wiki ya tatu: tafuta mlaji

Kabla ya kufikiria mboji, uliza mtaani nani anafuga. Hata mjini hakukosekani kuku wa jirani, mbuzi wa kona ya barabara au ng'ombe wa maziwa kwenye zizi la uani. Maganda ya ndizi, vikonyo vya mchicha, majani ya kabichi na machicha ya nazi ni chakula chao. Mfugaji anayenunua majani kila siku hatakataa ndoo ya bure iliyo safi, na wengine hupita kuichukua wenyewe.

Sharti lake ni usafi, na hapo ndipo kazi ya wiki ya kwanza inapolipa. Kifuko kimoja cha plastiki kilichochanganyika na maganda kinaweza kukwama tumboni mwa ng'ombe au mbuzi na kumuua polepole. Uzi, waya na vipande vya chupa ni vilevile. Chakula kilichoota ukungu kisipelekwe, wala maganda ya viazi vya kijani. Maganda mabichi ya mihogo nayo yana sumu, hasa ya mihogo michungu, kwa hiyo yakaushwe juani kwanza au yaende kwenye mboji.

Kaya yetu ilibakiwa na kilo saba za kuoza kwa wiki. Tuseme jirani mwenye mbuzi anachukua kilo nne. Zimebaki tatu, na kiasi hicho kinatosha ndoo ya mboji bila kuwachosha watu wa nyumba.

Wiki ya nne: ndoo ya mboji

Kiasi hiki cha kilo tatu hakikutajwa bure. Watu wengi huanza kwa kutia taka zote za jikoni kwenye ndoo moja ya lita 20. Inajaa ndani ya siku chache, inageuka tope, inanuka, nao wanaapa kutorudia. Kosa lilikuwa la hesabu. Ndoo hiyo haiwezi kuwapokea watu sita peke yake. Inaweza kupokea mabaki baada ya mlaji kupita.

Chukua ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, hata kuukuu. Toboa matundu kumi hadi kumi na tano kwenye kitako na mengine kuzunguka ubavuni, kila moja likiwa na upana wa penseli au pungufu. Ziinue juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, na weka chombo cha kukingia matone. Zikae kivulini, mahali mvua isipoingia.

Chini weka tabaka la vitu vikavu lenye unene wa vidole vinne: majani makavu, maranda, boksi lililochanwachanwa au makumbi ya nazi. Kisha kila siku katakata maganda yawe madogo, uyatie, na juu yake uweke vitu vikavu. Kipimo cha kuanzia ni bakuli moja la mabichi kwa mabakuli mawili ya makavu. Mabichi yasionekane kamwe juu. Kila baada ya siku tatu au nne geuza kwa kijiti ili hewa iingie.

Ukame na unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi moja na uikamue. Ikibaki imeshikana kama donge na kutoa tone moja au mawili, iko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza makavu. Ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji.

Pua nayo inatoa taarifa. Harufu ya yai bovu maana yake hewa imekosekana: geuza na ongeza makavu. Harufu kali kama ya mkojo maana yake mabichi yamezidi. Wadudu wadogo wakirukaruka, mabichi hayakufunikwa. Siafu na sisimizi wakihamia humo, ndoo imekauka mno. Na ikiwa hakuna harufu wala mabadiliko baada ya wiki tatu, vipande ni vikubwa au maji hayatoshi.

Ndoo ndogo haipati joto la kutosha kuua vijidudu kama lundo kubwa la shambani. Ndiyo maana nyama, samaki, mafuta na vyakula vilivyopikwa visiingie, wala kinyesi cha paka au mbwa. Majivu ya mkaa yanakubalika kwa kiganja kimoja mara mojamoja, kwani yakizidi huchelewesha kuoza. Majivu ya takataka zilizochomwa yasiguse mboji kabisa.

Ndoo ya kwanza ikijaa, ifunike na uiache, ukiigeuza mara moja kwa wiki, huku ukiendelea kutia kwenye ya pili. Miezi miwili hadi mitatu baadaye mboji itakuwa nyeusi, ya baridi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua, na hutaweza kutambua ganda lilikuwa la nini. Ukitaka uhakika, tia konzi moja yenye unyevu kwenye kopo, lifunge kwa siku tatu, kisha lifungue. Likinuka vibaya, mboji bado haijaiva, na ikitiwa kwenye mmea sasa itaunguza mizizi. Ikiwa imeiva, changanya sehemu moja yake na sehemu tatu za udongo, upande mchicha au sukuma wiki kwenye kiroba. Asiye na mmea hata mmoja atapata wa kumpa: wauza miche wa barabarani wanatafuta mboji.

Mwenye kipande cha ardhi hahitaji ndoo. Achimbe shimo la sentimita 30, atie maganda ya siku, afukie, na kesho asogee hatua moja. Udongo utafanya uliobaki.

Kiroba cha vikavu

Sasa turudi kwenye kilo sita zisizooza. Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, vifuko hivyo vimepungua, lakini vifungashio vya bidhaa vyenyewe bado vinaingia nyumbani kila siku. Hapa hatua ni ndogo na hutegemea duka lako. Mafuta ya kupima yanunuliwe kwa chupa ya nyumbani badala ya kifuko kipya. Sukari, maharage na unga vinaweza kupimiwa kwenye kopo lako, ikiwa muuzaji anakubali na kopo ni kavu. Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kubebwa kwenye chupa imara hupunguza chupa ndogo za dukani, ambazo kwa kaya nyingi ndizo zinazojaza kiroba haraka kuliko kitu kingine.

Chupa na makopo yauzwe au yapewe waokotaji. Maboksi safi yachanwe kwa ajili ya mboji. Tukadirie kwamba kaya ya mfano inaondoa kilo mbili kwa njia hizi.

Kinachobaki kibaki kwa moyo mweupe. Pampasi, vifungashio vyenye tabaka za plastiki na karatasi ya fedha, vyombo vya foamu na viatu vilivyokwisha havina njia nyepesi ya kutokea leo katika mitaa mingi. Pampasi za kufua za kitambaa zinapunguza mzigo, lakini zinahitaji maji mengi, sabuni na mtu wa kufua, na si kila mama ana vyote vitatu. Kuzichoma uani si jibu, kwani moshi wa plastiki una sumu na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye karibu. Vitu hivyo viende kwenye gari la taka. Betri na dawa zilizoisha muda visichanganywe na vingine: ziulizie duka la dawa na kituo cha afya kilicho karibu kama wanazipokea.

Hesabu ya mwisho wa mwezi

Kaya yetu ilianza na kilo 14 kwa wiki. Kilo moja haikupikwa tena bure, nne zimeliwa na mbuzi, tatu zimeingia ndoo ya mboji, na mbili zimeuzwa au kuepukwa dukani. Kwenye gari la taka zimebaki kilo nne. Hesabu ya nyumba yako itatofautiana. Jirani huenda hafugi, au utashindwa kabisa na mboji ukaacha baada ya mwezi. Hata hivyo mwenye ndoo mbili tu, asiye na mbuzi wala mboji, ana kiroba kikavu chenye vitu vya kuuza na ndoo moja ndogo inayomwagwa kila jioni. Zaidi ya nusu ya usumbufu wa taka umekwisha.

Basi usinunue chochote leo. Tafuta ndoo kuukuu yenye mfuniko, iweke karibu na ubao wa kukatia mboga, na waeleze watu wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na watoto, swali lile moja: kinaoza au hakiozi? Hatua nyingine zote zinategemea hiyo.